Bima wanasema wameshanilipa, benki wanasema haijaingia. 590,000 yangu iko wapi?

MamaCanter_Kibirizi · Jumatatu 08:12

Mwakeye wana Kigoma, na majirani wa Tabora mwangaluka. Naombeni msaada maana nimezungushwa mpaka nimechoka. Nilikuwa na Canter ya kubebea dagaa na migebuka kutoka hapa mwaloni Kibirizi kwenda Kasulu mpaka Kakonko, mwezi wa pili nikaikatia bima kubwa 1,180,000 na VAT yake humo humo kupitia wakala mmoja wa Mwanga, mwezi wa sita nikaiuza, aliyenunua akasema bima atakata mwenyewe, basi nikaandika barua ya kusitisha. Wakapiga hesabu zao wakasema narudishiwa 590,000. Nikasema haya.

Mwezi wa saba kimya. Wa nane kimya. Wa tisa nampigia wakala ananiambia mama hela yako ililipwa zamani. Napiga makao makuu Dar, binti ananisomea kwenye kompyuta yake, imeandikwa PAID tangu tarehe 14 mwezi wa nane. Naenda benki yangu pale mjini natoa stetimenti miezi mitatu, hakuna kitu, kuna makato tu. Nikirudi kwa bima wananiambia nenda benki, nikienda benki wananiambia rudi bima. Sasa mwezi wa kumi. Nani kaila?

JembeLaGungu · Jumatatu 08:40

Hapo benki ndio wameikalia mama. Hela ikiingia bila maelezo wanaiweka pembeni wanaifanyia biashara. Nenda na sauti ya juu utaona inavyotokea.

Bajaji_Boy · Jumatatu 08:51

Pole sana kwa ajali mama. Ripoti ya polisi ulipeleka? Bila hiyo bima hawalipi ng'o

MamaCanter_Kibirizi · Jumatatu 08:55

Hakuna ajali mwanangu, gari niliuza. Soma vizuri

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumatatu 09:30

Mama Canter, kabla hujapandisha sauti kwa mtu yeyote jibu swali moja. Hiyo hela waliituma kwenye akaunti namba ngapi? Siulizi ulitaka waitume wapi, nauliza waliituma wapi. Maana katika maelezo yako sijaona mahali ulipoombwa namba ya akaunti mwaka huu, na kampuni haiwezi kulipa bila namba, kwa hiyo kuna namba wameitoa mahali.

MamaCanter_Kibirizi · Jumatatu 10:17

Shikamoo mzee. Umenishtua. Ni kweli mwaka huu hakuna aliyeniuliza. Nimempigia wakala sasa hivi kaangalia faili lake, anasema iliyopo ni ile niliyojaza 2019 nilipokata bima mara ya kwanza. Mzee ile akaunti niliifunga 2022 nikahamia benki nyingine kwa sababu ya makato!

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumatatu 10:44

Marahaba. Basi hela haijaliwa, imerudi kwa aliyeituma. Nimekaa kwenye uhasibu wa bima miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Ujiji, hii kitu nimeiona kila mwezi wa Mungu.

Inakuwa hivi. Mhasibu akishaidhinisha vocha na faili la malipo likaenda benki, sistimu ya bima inajiandikia PAID pale pale. Ile PAID maana yake ni "tumetuma", haina maana "umepokea". Benki yako ya zamani inapokea maelekezo, inaangalia akaunti, inakuta imefungwa, inarudisha. Hela inaingia tena kwenye akaunti ya kampuni ya bima baada ya siku moja au mbili. Lakini inaingia kwenye STETIMENTI YAO YA BENKI, haiingii kwenye sistimu ambayo yule binti wa simu anaisoma. Hivyo ni vitabu viwili tofauti. Mpaka mtu wa kusuluhisha vitabu na benki akae, kwa kawaida mwisho wa mwezi, aone kuna 590,000 imeingia ambayo hakuitegemea. Akiijua anaifunga na vocha yake. Asipoijua anaitupia saspensi, yaani akaunti ya hela ambazo hazijajulikana ni za nini, na kuendelea na kazi, na huko ndiko hela za watu zinalala.

Yule binti hakudanganyi. Anakusomea anachokiona.

DadaKaunta · Jumatatu 11:20

Nathibitisha upande wa benki, mimi nakaa kaunta Kasulu (benki sisemi). Hela ikija kwa TISS, yaani mtandao wa kutumiana hela benki kwa benki, au kwa zile zinazotumwa kwa kundi, kwenye akaunti iliyofungwa haina pa kuingia, inaangukia kwenye orodha ya miamala yenye shida, asubuhi mtu wa ofisi ya nyuma anaipitia moja moja na kurudisha na sababu. Sababu zina kodi zake, iliyofungwa ni AC04, iliyozuiwa ni AC06, namba yenyewe ikiwa haipo au imekosewa ni AC01. Hizo kodi zinasafiri na hela kurudi kwa aliyetuma, kwa hiyo wahasibu wa bima wakiangalia vizuri wanaiona sababu.

@JembeLaGungu benki haiwezi kukaa nayo kaka, mwisho wa siku vitabu vyetu lazima vikae sawa, hela isiyo na mwenyewe ni kesi kwetu.

JembeLaGungu · Jumatatu 11:34

Sawa dada nimekubali nusu. Ila si afungue tena ile akaunti ya zamani halafu waitume tena? Namba si wanayo tayari, inakuwa rahisi

DadaKaunta · Jumatatu 11:41

Akaunti iliyofungwa haifufuki, utapewa namba mpya. Unachanganya na iliyolala. Iliyolala ni ile hujaigusa muda mrefu, hiyo ipo hai ila imesinzia, na hapo ndipo pana mtego mwingine maana kuna benki hela inaingia vizuri tu na haitarudi, wewe ndio huwezi kuitoa mpaka uje na kitambulisho tuiamshe. Mama Canter una hakika uliifunga kwa kusaini fomu, au uliiacha tu?

MamaCanter_Kibirizi · Jumatatu 12:05

Nilisaini na kadi wakaikata kwa mkasi mbele yangu. Nakumbuka maana ilibaki 3,400 wakanipa mkononi

DadaKaunta · Jumatatu 12:07

Basi imefungwa kweli hiyo 😂

MnyamweziWaUrambo · Jumatatu 13:15

Sisi huku kwetu yalitukuta lakini kinyume. Kikundi chetu cha wakulima tulikuwa turudishiwe ziada ya bima tuliyolipa mara mbili kwa bahati mbaya, hela ikatumwa kwenye akaunti ya kikundi, ikaingia bila shida yoyote. Tatizo watia saini waliosajiliwa benki ni viongozi wa zamani, mmoja kahamia Mpanda na mmoja marehemu. Hela tunaiona kwenye stetimenti na hatuwezi kuigusa. Bima wakasema sisi tumemaliza. Na ni kweli walimaliza.

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumatatu 13:40

Mnyamwezi, yenu haikurudi kwa hiyo huko bima hakuna cha kulipa upya, kazi iko benki na muhtasari wa mkutano wa kubadilisha watia saini. Tusimchanganye mama.

Mama Canter fanya hivi. Kwanza acha kuuliza "nimelipwa?" maana jibu lake unalijua. Piga simu omba kitengo cha fedha, siyo huduma kwa wateja, na useme: "Naomba taarifa ya malipo ya tarehe 14 mwezi wa nane, kiasi 590,000, tarakimu nne za mwisho za akaunti iliyotumiwa, na rifarensi ya benki." Ukishapata rifarensi nenda nayo benki ya zamani, wakuangalizie ilirudishwa tarehe ngapi. Ukirudi bima na tarehe ya kurudishwa, mhasibu anafungua stetimenti ya siku hiyo na anaikuta kwa dakika kumi. Bila tarehe anaambiwa atafute 590,000 katika miezi miwili ya miamala, na huyo mhasibu ana mambo yake.

Bajaji_Boy · Jumatatu 14:02

Mimi naona hata hiyo 590 amepunjwa. Katumia miezi 4 imebaki 8. 1,180,000 gawa 12 zidisha 8 inakuja 786,000 na kitu. Karibu laki mbili imepotea hapo

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumatatu 14:20

Hesabu yako ni ya siku kwa siku, na hiyo mara nyingi inatumika kampuni ikisitisha yenyewe. Mteja akisitisha, mkataba una jedwali la muda mfupi, unakatwa zaidi ya miezi uliyotumia. Asome mkataba wake. Lakini huo ni ugomvi mwingine, akiuanzisha leo wataisimamisha hata hiyo ambayo hawana ubishi nayo.

MamaCanter_Kibirizi · Jumanne 15:48

Nimerudi. Fedha Dar wamenipa kila kitu, tarakimu za mwisho ni zile zile za akaunti ya zamani. Benki ya zamani kijana kaingiza rifarensi, akageuza skrini kidogo nikaona mwenyewe, imeandikwa AC04, imerudishwa tarehe 15 mwezi wa nane. Siku moja tu! Miezi miwili nalia, hela ilikaa huku saa ishirini na kitu.

Nikampigia wakala kwa furaha, akaniambia mama usihangaike, nitumie namba yako mpya wasap niwape wabadilishe, au bora zaidi ije kwenye akaunti yangu mimi nikutolee kesho asubuhi uchukue kashi hapa Mwanga. Nimtume?

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumanne 16:02

HAPANA mama. Wakala anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini marejesho yanakwenda kwa jina lililo kwenye mkataba, na wakilipa mtu mwingine siku ukikana hawana pa kujificha.

Na wasap haitoshi. Kubadilisha akaunti ya malipo ndio mlango wa wizi kwenye kampuni za bima, mtu anajua kuna hela imerudi, anatuma barua "mimi ndiye fulani, akaunti yangu mpya hii hapa". Kwa hiyo wanachotaka ni barua yako yenye saini, nakala ya kitambulisho cha NIDA, na uthibitisho kutoka benki mpya wenye muhuri unaoonyesha jina na namba ya akaunti. Juu ya hapo mtu wa bima anatakiwa akupigie kwa namba iliyoko kwenye faili, siyo ile uliyoandika kwenye barua, akuulize kama ni wewe.

Kwenye barua usisimulie. Andika namba ya mkataba, namba ya gari, kwamba malipo ya 590,000 yenye rifarensi ile yalirudishwa tarehe 15 kwa sababu akaunti imefungwa, unaomba yafutwe na kulipwa upya kwenye akaunti ifuatayo. Na neno "yafutwe" lisikosekane.

JembeLaGungu · Jumanne 16:10

Kwa nini yafutwe mzee? Si wabadilishe tu namba wabonyeze tena

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumanne 16:31

Vocha iliyolipwa haihaririwi kijana. Ile ya mwezi wa nane inabidi igeuzwe, yaani vitabu vikiri kwamba haikulipwa na deni la mama lirudi hai, halafu itengenezwe vocha mpya, mmoja aandae na mwingine aidhinishe, namba mpya, tarehe mpya. Watu wengi wanapeleka akaunti mpya, huduma kwa wateja wanaiingiza kwenye taarifa za mteja, kila mtu anafurahi, na hakuna kinacholipwa, kwa sababu kwenye vitabu deni limeshafungwa. Taarifa ni mpya lakini hakuna vocha ya kuzitumia.

Na kabla ya kugeuza watataka kuiona hela imerudi kweli. Wakilipa ya pili wakati ya kwanza bado iko njiani wamelipa mara mbili. Ndio maana ile tarehe 15 ni dhahabu.

KodiYaTabora · Jumanne 17:25

Hii imenikumbusha yangu ya kodi. Nililipa makadirio zaidi ya faida iliyopatikana, nikaomba marejesho, kwenye fomu nikajaza akaunti ya duka ambalo nilishalifunga, kosa langu mwenyewe. Baada ya kuzunguka nikaona isiwe tabu, nikaomba isilipwe kashi, ikatwe kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Mama si ufanye hivyo, wakukatie bima nyingine?

MamaCanter_Kibirizi · Jumanne 17:33

Ya gari gani ndugu yangu? Canter nimeuza, sasa hivi natumia bodaboda

KodiYaTabora · Jumanne 17:36

😂😂 nisamehe mama

MzeeWaVocha_Ujiji · Jumanne 17:58

Kwa kodi ina maana kama unajua utadaiwa tena. Na huko hata ukiomba kashi wanaangalia kwanza kama kuna deni lingine la kodi, wanalikata ndio upewe kinachobaki. Mtu anaona kiasi kimepungua anadhani hela imerudi nusu.

DadaKaunta · Jumatano 09:05

Mama Canter swali kabla hujapeleka barua. Akaunti mpya ni ya jina lako kama lilivyo kwenye bima?

MamaCanter_Kibirizi · Jumatano 09:22

Ninazo mbili. Moja jina langu ila haina hela nyingi, ya pili ya biashara ya dagaa, hiyo ndio naitumia kila siku. Nilitaka nitoe ya biashara

DadaKaunta · Jumatano 09:26

Nilihisi. Toa ya jina lako. Jina la malipo likiwa la mtu na akaunti ikiwa ya biashara tunarudisha tena kwa jina kutofautiana, na ikirudi mara ya pili huko bima wataanza kukuangalia vibaya. Na ukienda kuomba barua ya uthibitisho mwambie mtu wa benki aandike majina yote matatu kama kwenye NIDA, watu wanapenda kufupisha.

MamaCanter_Kibirizi · Ijumaa 14:10

Barua imeenda tangu Jumatano, nimeituma kwa imeili ya fedha na nakala kwa tawi, kwenye nakala wamegonga muhuri wa kupokea. Sijapigiwa simu. Nasubiri au?

MzeeWaVocha_Ujiji · Ijumaa 14:36

Namba ya simu iliyoko kwenye faili lako ni hii unayotumia sasa?

MamaCanter_Kibirizi · Ijumaa 15:20

Mzee wewe ni mchawi 😭 Nimepiga ile namba ya zamani ya 2019, laini niliiacha ikafungwa. Imepokelewa na mwanaume yuko Nguruka, ananiambia kuna watu wa bima wamempigia jana mara mbili wakimuuliza kama yeye ni mama fulani. Kawaambia wrong namba.

Bajaji_Boy · Ijumaa 15:24

Bahati yako mwanaume wa Nguruka ni mwaminifu

MzeeWaVocha_Ujiji · Ijumaa 15:50

Basi sasa nenda tawini wewe mwenyewe na NIDA mkononi, ujaze fomu ya kubadilisha taarifa zote kwa pamoja, simu, akaunti, imeili. Simu wakishindwa, sura inatosha. Mwombe wa tawi aandike kwa Dar kwamba amekuona. Na faili la wakala nalo libadilishwe, maana bima ijayo ataijaza kutoka kwenye karatasi yake ya 2019 turudi hapa hapa.

Wakipita siku 14 za kazi hawajakujibu kwa maandishi, andika malalamiko rasmi kwao, wasipojibu hapo ndio uende TIRA, wale wasimamizi wa kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usiende huko kabla hujawalalamikia wenyewe, watakurudisha.

MamaCanter_Kibirizi · Alhamisi 16:58 (wiki iliyofuata)

IMEINGIA. Meseji 16:47. Ila ni 580,000 jamani. Nimepiga wanasema 10,000 ni gharama ya kutuma mara ya pili kwa kuwa taarifa zangu ndizo zilikuwa za zamani. Ni halali hiyo?

JembeLaGungu · Alhamisi 17:03

Achana nayo mama, shukuru Mungu

DadaKaunta · Alhamisi 17:10

Gharama ya TISS anabeba anayetuma. Na wao ndio hawakuuliza namba mwaka huu

MzeeWaVocha_Ujiji · Alhamisi 17:41

Kampuni nyingine zinakata, nyingine hazikati. Angalia fomu uliyosaini tawini kama kuna kipengele cha gharama. Kama hakipo mimi ningedai. Kama kipo, ulisaini.

MamaCanter_Kibirizi · Alhamisi 17:55

Fomu nilisaini nimesimama, foleni nyuma yangu, sikusoma. Kesho naenda kuomba nakala. Elfu kumi yangu mimi ni dagaa ile

MnyamweziWaUrambo · Alhamisi 19:30

Hongera mama. Sasa mzee wa vocha samahani nirudi kwenye yetu, yule mtia saini marehemu, benki wanataka cheti cha kifo na familia inasema imekipoteza, tunafanyaje?